Bosi ni mdogo kwako na kesho bethdei yake: mwongozo kamili wa kuandika meseji bila kumfanya mtoto na bila kuwa chawa

Hii hali saivi ipo kila ofisi. Mtu ana miaka 50 na kitu, kazini ameingia zamani, alafu anakuja meneja wa miaka 32 mwenye digrii mbili na ndo anasaini likizo yako. Serikalini ndo usiseme, mana kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60, kwa hiyo kuna watu wanafanya kazi chini ya mkuu wa kitengo ambaye wangeweza kumzaa kabisa. Siku za kawaida mambo yanaenda, mnaongea kazi, salamu mnazijua wenyewe. Shida inakuja siku ya bethdei, kwa sababu meseji ya bethdei ina dua ndani yake, na kwetu dua ina mpangilio wa umri: mkubwa anambariki mdogo, mdogo anamshukuru mkubwa. Sasa wewe ni mkubwa kwa umri, yeye ni mkubwa kwa cheo, meseji inatoka wapi inaenda wapi?

Wengi wanaangukia sehemu moja kati ya mbili. Ama wanaandika kama baba mdogo anamwandikia mtoto wa kaka yake, ama wanaogopa hiyo wanakimbilia upande wa pili wanaandika kama chawa. Ntaeleza jinsi ya kupita katikati, hatua kwa hatua, na mwisho tutachukua meseji moja tuiandike mara tatu muone tofauti. Naongelea zaidi ofisi za Tanzania na meseji ya wasapu, mana ndo huko watu wanapoandikiana siku hizi, ila kadi ya karatasi nayo inafuata hayo hayo.

Kabla ya kuandika: je anasherehekea?

Hii watu wanaruka alafu wanaleta usumbufu. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei siku ya kuzaliwa, na kuna Waislamu wengi tu ambao hawaoni sawa kuisherehekea, na kuna mtu hana sababu ya dini kabisa ila hapendi. Kama mmekaa naye mwaka mzima na bethdei ya mwaka jana ilipita kimya wakati za wengine zinaandikwa kwenye gurupu, muulize mtu wa karibu yake au yule anayeshughulika na mambo ya wafanyakazi. Usimuulize mwenyewe "una miaka mingapi mwaka huu", hiyo namba haikuhusu na ukishaijua utatamani kuiandika.

Ukikuta hasherehekei, acha. Usitafute njia ya kuzunguka kama kuandika "najua huwa husherehekei lakini". Kama una jambo jema la kumwambia, mwambie siku nyingine yoyote.

Hatua ya kwanza: umwite nani

Hapa ndo meseji inapojulikana ni ya aina gani, neno la kwanza tu. Kanuni yangu ni rahisi: mwite vile vile unavyomwita kila siku mbele ya watu. Kama ofisini unamwita Meneja, andika Meneja. Kama ni Dada Fulani au Kaka Fulani, andika hivyo hivyo, na ndio, mtu mzima kumwita kijana kaka au dada ofisini ni heshima ya kawaida kabisa, hakuna atakayeshangaa. Kama wote mnaitana majina, basi jina. Kinachoharibu ni kubadilisha siku ya bethdei, mana mtu anayeitwa Dada Fulani mwaka mzima akiamka anasoma "binti yangu" au anasoma "Mheshimiwa", kote kuwili atajiuliza leo kumetokea nini.

Upande wa kumshusha kuna mdogo wangu, mwanangu, binti, kijana wetu, dogo. Hata kama una nia nzuri na hata kama nyumbani ndivyo unavyowaita watu wa rika lake, yeye ndiye atakayesimama Jumatatu kukwambia ripoti yako imechelewa, na "mwanangu" inaifanya hiyo kazi iwe ngumu kwake. Akina mama wana lao moja la kuangalia sana, nalo ni baba. Mama mtu mzima anamwita kijana wa kiume "baba" kwa mapenzi tu, "haya baba hongera", lakini kwenye maandishi wengine wakisoma hawajui kama anabembelezwa kama mtoto au anatukuzwa kama baba wa ofisi. Liache libaki mdomoni.

Upande wa kujishusha kuna Mheshimiwa, Mtukufu, bosi wa mabosi, mama yetu, baba yetu. Mheshimiwa ina wenyewe: wabunge, mawaziri, majaji, wakuu wa wilaya, madiwani. Kama bosi wako ana cheo cha hivyo basi mwite, ni haki yake. Kama ni meneja wa mauzo, achana nayo.

Na kuna suala la shikamoo. Kuna watu wazima wanampa bosi mdogo shikamoo kwa sababu ya cheo, na wengi wa hao mabosi inawakera na kuwaaibisha, wanaitikia huku wanaangalia chini. Usiianzishe meseji na shikamoo kwa mtu uliyemzidi umri. Na kinyume chake pia, hata kama yeye huwa anakuamkia kila asubuhi, usiandike kitu cha kukumbushia hilo, kama vile "leo naipokea shikamoo yako na baraka juu". Anza na jina na heri, basi.

Hatua ya pili: tafuta jambo moja la kazi uliloliona

Meseji ya bethdei ikiwa na heri peke yake haina kosa, inatosha, na kuna hali ntaieleza mbele ambapo ndo inafaa zaidi. Lakini kama mnaheshimiana na unataka ionekane umeandika wewe na hujaikopi mahali, weka jambo moja. Moja tu. Na liwe na sifa hizi: limetokea ndani ya mwaka huu, uliliona kwa macho yako au lilikugusa, na ni uamuzi au tendo lake kazini.

Kwa nini tendo? Kwa sababu ukimsifia mtu tabia, unakaa kwenye kiti cha kumpima. "Una nidhamu", "una adabu", "unajituma", hayo ni maneno ya kwenye ripoti ya shule, na mwalimu ndiye anayeyaandika. Ukitaja tendo na ulichonufaika nacho hakuna anayempima mwenzake, unamwambia tu kitu kilichotokea. "Ulipohamisha kikao cha asubuhi kikawa saa tatu, sisi tunaotoka Chanika na Kibaha tuliacha kufika tukiwa tumechoka kabla ya kazi." Hapo hakuna umri, hakuna cheo kilichopambwa, na bado ni sifa kubwa kuliko kumwita jembe.

Maneno matatu nawaomba muyaangalie kwa makini, mana yanaandikwa na watu wenye nia safi kabisa.

La kwanza ni "unajitahidi". Kwa mwenzako wa rika labda inapita, lakini kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo inasikika kama bado hajafika, anasukumwa na huruma.

La pili ni kila sentensi yenye "pamoja na umri wako mdogo", "licha ya umri wako", au "hata sisi wakubwa tunajifunza kwako". Hilo "hata" ndo lenye sumu. Linasema ilikuwa haitegemewi. Ukilitoa ikabaki "nimejifunza kwako namna ya kupanga oda za mwisho wa mwezi" inakuwa nzuri, imetulia.

La tatu ndo limeenea kuliko yote: "endelea kuwa mnyenyekevu, usibadilike". Nakuta kwenye meseji za bethdei za mabosi vijana karibu kila mara, na za mabosi wazee halimo kabisa. Ukilisoma taratibu ni onyo. Linasema tunakuangalia, ukijisahau tutajua. Kama kweli unathamini anavyoongea na watu vizuri, taja siku moja alipoongea na mtu vizuri.

Kuna pia wale waliompokea bosi akiwa mwanafunzi wa fildi, wakamfundisha kazi, leo amewapita. Naielewa ile hamu ya kuandika "nakumbuka ulivyokuja hujui hata kujaza leja", kwa sababu ni kumbukumbu nzuri na inakupa fahari, na pengine kuna kidonda kidogo pia kwamba nafasi ile na wewe uliiomba ukaambiwa muundo unataka digrii. Lakini kwenye gurupu lenye watu 30, wakiwemo wale walioajiriwa mwezi jana, hiyo sentensi inamvua cheo mbele ya watu wake. Kama ni lazima uitaje, itaje kwenye inboksi na ifanye kuwa yenu wawili: "Nafurahi kwamba tumefanya kazi pamoja tangu enzi za stoo ya zamani." Yeye atajua unaongelea nini.

Hatua ya tatu: dua

Hapa panataka utulivu. Mimi siungi mkono ushauri wa kuondoa dua kabisa ili meseji ionekane ya kiofisi, mana kwetu bethdei bila kumwombea mtu kheri inakuwa kavu, na dua ya mtu mzima watu wanaithamini, hata bosi. Kitu cha kuangalia ni dua gani.

Kuna dua za kwenda kwa yeyote: Mungu akujalie afya, akuzidishie umri, akupe mwaka wenye kheri, aibariki familia yako, abariki kazi za mikono yako. Hizi unaweza kumwandikia bibi, jirani, mkurugenzi, mtoto wa dada, zote zinakaa. Chukua hizo.

Alafu kuna dua za kwenda chini. Mungu akukuze. Kua uyaone. Mungu akupe mume mwema. Mwaka huu tunataka mjukuu. Ukawe mwenye hekima. Hizi ni za mzazi, na zile za ndoa na watoto ni mbaya zaidi kwa sababu hujui anapitia nini nyumbani, na kwa bosi wa kike zinakuja kila mwaka kutoka kwa kila mtu. Hata kama una urafiki naye, kwenye meseji ya kazini ziache.

Na kuna ile ya "Mungu akuinue viwango vya juu zaidi". Haina dhambi, ila angalia mazingira: kama kuna tetesi za yeye kuhamishwa au kuna nafasi ya juu inagombaniwa, meseji yako inaweza kusomwa kama umeshachagua kambi. Afya na umri havina kambi.

Kuhusu dini, andika kwa namna ambayo yeye hutumia. Kama salamu zake ni Bwana asifiwe au ni Asalaam aleikum, unajua. Kama hujui, "Mungu akujalie" inakaa pazuri kwa wote. Usimwandikie mistari ya maandiko mirefu, na hasa ile ya kuonya vijana, ambayo watu huichagua bila kufikiria.

Kitu kingine kwenye hatua hii ni umbo la sentensi. "Nakutakia" na "Mungu akujalie" zinampa. "Uwe mwangalifu", "ujitunze", "usikilize", "uzidi kumcha Mungu" zinamwagiza. Ukimaliza kuandika pitia vitenzi vyako tu, ukiona viwili vitatu vinavyoagiza, umeshahamia kwenye kiti cha mzazi bila kujijua.

Hatua ya nne: urefu, muda na mahali

Sentensi tatu au nne. Ukishafika aya ya pili unaanza kutafuta cha kusema, na hapo ndo nguzo, taa na nyota zinapoingia.

Tuma asubuhi, saa moja mpaka saa mbili na nusu hivi, kabla kazi haijashika. Saa sita kamili usiku ni ya mpenzi na marafiki wa chuo, wewe ukiwa wa kwanza kwenye simu yake usiku huo inaleta maswali, na kwa mtu aliyeoa au kuolewa inaweza kuleta maswali ndani ya nyumba.

Gurupu au inboksi? Kama kazini kwenu mna utaratibu wa kuandika kwenye gurupu, andika gurupuni ile fupi yenye heri na dua tu, na kama una lile jambo moja la kazi lipeleke inboksi. Usiandike inboksi peke yake wakati wote wako gurupuni, mana ukimya wa mtu mzima kwenye gurupu unaonekana na watu wanautafsiri. Na usiwe unajibu kila komenti ya wenzako na makofi. Umeandika mara moja, inatosha. Emoji moja ya keki haina neno, mstari wa mataji na miali ya moto unakupeleka kwenye uchawa. Kutengeneza posta yenye picha yake na kuiweka statasi yako, mimi nasema hapana, isipokuwa kama huwa unawafanyia na wenzako wa kawaida.

Na ule mchezo wa kumwagia mtu maji siku ya bethdei waachie vijana wa rika lake waamue wenyewe. Wewe ukibeba ndoo inakuwa kitu kingine.

Tuiandike sasa

Tuchukue mfano. Mtunza stoo ana miaka 56, yupo kwenye godauni la kampuni ya kusambaza sabuni na mafuta ya kula pale Barabara ya Nyerere, Dar. Meneja wake ni dada wa miaka 33 ambaye alikuja pale kwanza kama mwanafunzi wa fildi, na huyu mzee ndiye aliyemwonyesha kujaza leja. Stoo wanamwita Dada Fulani (hapo weka jina). Mwezi wa sita walipohesabu mzigo zikakosekana katoni 18 za sabuni, watu wakaanza kumnyooshea kidole kijana mmoja wa kupakia. Meneja akasema hakuna kumwandikia mtu barua kabla hatujahesabu tena, akavua viatu vya kisigino akavaa ndala, akakaa nao mpaka saa mbili usiku. Katoni zikakutwa nyuma ya palati za mafuta, zilihamishwa kwa sababu paa lilikuwa linavuja na aliyezihamisha hakuandika.

Mzee anataka kumwandikia. Meseji ya kwanza inayokuja kichwani ni hii:

"Hepi bethdei binti yangu. Nakumbuka ulivyokuja hapa fildi ukiwa mdogo hujui hata leja, leo umekuwa bosi wetu. Kwa kweli unajitahidi sana pamoja na umri wako. Endelea kuwa mnyenyekevu na usikilize wakubwa, na mwaka huu Mungu akupe mume mwema."

Kila sentensi hapo ina upendo, sina shaka, na kila sentensi inamrudisha kwenye kiti cha fildi. Binti, hujui hata leja, unajitahidi, usikilize, mume. Akiisoma atacheka kidogo, ataandika asante mzee wangu, na siku ya kumkatalia huyu mzee likizo atajisikia anamkatalia baba.

Mzee akaona hapana, imekuwa ya kifamilia mno, akageuka:

"Heshima kwako Mheshimiwa Meneja wetu mpendwa. Leo ni siku kubwa kwa kampuni nzima kwa kuwa ilizaliwa nguzo yetu. Bila wewe stoo isingekuwepo. Mimi mtumishi wako mdogo sina cha kukulipa, naomba tu uendelee kunikumbuka katika nafasi mbalimbali."

Hii mbaya zaidi. Stoo ilikuwepo kabla hajafika, na wote wawili wanajua. Alafu hiyo "kunikumbuka" imeigeuza bethdei kuwa barua ya maombi. Meneja mwenye akili akisoma hii anaanza kujiuliza mzee anataka nini.

Sasa tupite katikati. Jina ni Dada Fulani. Jambo moja ni lile la katoni, lakini angalia, si katoni zenyewe, ni uamuzi wake wa kutolaumu mtu kabla ya kuhesabu tena. Dua ni ya kwenda kwa yeyote.

"Heri ya siku ya kuzaliwa, Dada Fulani. Siku ile ya katoni ulipokataa tumlaumu mtu kabla ya kurudia kuhesabu, na ukabaki kuhesabu na sisi, nilitamani kukushukuru pale pale, basi leo nimepata nafasi. Mungu akujalie afya njema na mwaka wenye kheri, wewe na nyumbani kwako."

Soma tena uone umri uko wapi. Haupo, na mzee bado anasikika ni mtu mzima, kwa sababu ya lile alilolichagua kuliona. Hii ni ya inboksi. Kwenye gurupu asiitaje hiyo siku hata kidogo, mana yule kijana wa kupakia yumo gurupuni na waliomnyooshea kidole wamo pia, utakuwa umefukua. Gurupuni aandike: "Heri ya siku ya kuzaliwa Dada Fulani. Mungu akujalie afya njema na umri mrefu. Sisi wa stoo tunakutakia siku njema." Imetosha.

Hatua ya tano: ipime kabla hujatuma

Nina vipimo viwili na vinachukua dakika moja. Cha kwanza, isome meseji yako ukifikiria unamtumia bosi aliyekuzidi miaka 15. Sentensi yoyote ambayo ungeona aibu kumtumia huyo, kama vile unajitahidi au usibadilike, ni sentensi ya umri. Ifute. Cha pili, isome tena ukifikiria unamtumia mwenzako wa meza ya pili mliye sawa kwa cheo. Sentensi ambayo huyo angekushangaa, angekuuliza umekunywa nini, ni ya uchawa. Ifute hiyo nayo. Kinachobaki baada ya vipimo viwili ndo meseji yako, na mara nyingi kinabaki kifupi kuliko ulivyotarajia. Usikijaze tena.

Kama hamwivi vizuri

Sio kila mtu anampenda bosi wake, na wengine wana sababu za kweli. Hapo usitunge sifa, mana yeye anajua na wenzako wanajua. Andika: "Heri ya siku ya kuzaliwa, Meneja. Nakutakia afya njema na siku njema." Ni ya kweli kwa sababu afya unaweza kumtakia mtu hata msiyeelewana. Usiongeze "pamoja na tofauti zetu" wala "tusameheane ya nyuma". Mazungumzo hayo yana siku yake na yanataka mkae ana kwa ana.

Akijibu

Mara nyingi atajibu "asante sana mzee wangu" au "asante sana mama, shikamoo". Ameamua yeye kukupa nafasi yako ya umri, ipokee. Jibu "Marahaba, siku njema" na uishie hapo. Usichukue hiyo kama mlango umefunguka ukaanza kuandika ule wosia uliokuwa umeufuta, na kwa siku hiyo na kesho yake usimwombe ruhusa wala advansi ya mshahara kwenye maongezi hayo hayo ya wasapu, mana ombi likikaa chini ya heri yako ile heri inabadilika rangi. Kama una shida ya kweli na haiwezi kusubiri, mfuate ofisini.

Akikaa kimya au akajibu wote kwa pamoja "asanteni sana", usihesabu hiyo kama dharau. Siku hiyo amepata meseji nyingi na bado ana kazi.

Na kama umesahau kabisa ukakumbuka kesho yake au keshokutwa, bado inafaa, kwa njia ya inboksi: "Dada Fulani, heri ya siku ya kuzaliwa iliyopita juzi. Nakutakia mwaka wenye afya na kheri." Bila kuomba radhi kwa aya nzima. Ikipita wiki, iache mpaka mwakani.